Kundi la Undugu Mpya

Nyumba yetu kule Ipole ilinuka nta mwaka mzima, ila msimu wa kurina asali harufu ilizidi, ikachanganyika na moshi wa tumbaku ya jirani, hata ugali ukawa na utamu usiokuwa wake. Simu ya mama ilikaa dirishani, mahali pekee mtandao ulipofika. Mama hakuona maandishi madogo, baba alidai kioo kinamchoma macho, basi mimi wa darasa la nne ndiye niliyesoma, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Msimu huo watu wa Puge walikuwa wamemposa dada yangu Kabula kwa ajili ya kijana wao Masanja, fundi wa pikipiki. Mimi nilishajiona kwenye gauni jeupe, nimeshika maua mbele ya bibi harusi.

Posa ililetwa na mshenga, mzee mmoja mcheshi, na kwetu mshenga hafanyi kazi yake akiwa amekaa kwenye kiti. Ndani ya nyumba watu husemezana kwa adabu tu. Maneno yenyewe husemwa wakati wa kumsindikiza: shangazi anatembea naye mpaka njia panda, anamnong'oneza nini hasa kinatazamiwa, naye anakipeleka kama wazo lake mwenyewe. Bahati mbaya mzee yule alianguka na bodaboda akavunjika mguu. Vijana wakasema hakuna shida, wakafungua kundi kwenye simu, wakaliita Undugu Mpya.

Mwanzoni nilifurahi sana. “Mwangaluka wakwe zetu, habari za asali?” aliandika baba mkubwa wa Masanja. Nasi tukauliza habari za mpunga. Kisha akaomba tuwaelekeze cha kuleta, wasije wakakosea mlango. Baba akaniamuru niandike kama ilivyo desturi: “Sisi hatuuzi mtoto. Chochote mtakachojaliwa.” Shangazi angekuwepo njiani angenong'ona: ng'ombe mwenye ndama, mkaja wa mama, na blanketi la bibi, maana bibi ndiye aliyemlea Kabula mgongoni. Lakini kwenye simu hakuna njia panda. Jibu likaja papo hapo: “Tumefarijika. Kumbe tumepata ndugu wasiotazama vitu.”

“Hebu soma tena,” mama alisema. Nikasoma tena, kwa furaha ileile.

“Wamejibu upesi mno,” bibi akasema, akaendelea kupepeta karanga.

Baadaye wakaandika watakachokuja nacho. Ng'ombe alikuwepo, kitenge cha mkaja wa mama kilikuwepo, bibi hakutajwa. Nilimtazama, ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Hakuna aliyeweza kuuliza, kwa sababu heshima ikishaombwa imekwisha kuwa kitu kingine. Baba akatafuta neno laini: “Mbarikiwe. Ila njia ni ndefu, msijichoshe. Subirini kwanza mvua zipungue.” Mtu yeyote wa kwetu angesikia hapo: rudini mkajipange. Puge wao walisoma kwamba wamezuiwa.

Tangu siku hiyo kundi lilizidi adabu, nami nikaanza kuogopa kulisoma. Wakwe zetu wakawa ndugu zetu, ndugu zetu wakawa waheshimiwa. Salamu zikarefuka, na jina la Kabula halikuandikwa tena. Masanja naye, akipigiwa, alisema tungoje wakubwa wamalize. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema. Sisi tuliusikia ukija ndani ya baraka na dua. Asubuhi moja nilikuta haya: “Tunawashukuru kwa ukarimu wenu. Tuendelee kuombeana.” Chini yake simu ikaonyesha kwamba baba mkubwa ameondoka kwenye kundi.

Kabula alikuwa mlangoni, akidarizi foronya. “Wamesema hapana?” aliniuliza.

“Hawajasema.”

“Basi,” alijibu, akavuta uzi. Akangoja msimu ule na uliofuata, akamrudisha mwalimu mmoja aliyekuja kwa heshima zote, eti yeye ni mchumba wa watu. Wanunuzi wa asali ndio waliotuambia, bila kujua wanachosema, kwamba fundi wa Puge ana mke na mtoto anayetambaa.

Sasa nauza asali Tabora mjini, na bado naota ndoto kubwa kuliko kibanda changu. Simu siku hizi zina kasi, picha hazikwami, na mwezi uliopita kundi jingine lilifunguliwa, safari hii kwa ajili yangu. Wakwe watarajiwa wanaandika vizuri mno, nami narudia kusoma kila ujumbe. Kabula, ambaye hajaolewa na mwenyewe hulifanyia utani hilo, alikuja kutoka Ipole akamkuta kijana wao aliyetumwa kusalimia. Akampokea, akamlisha, kisha akavaa kandambili amsindikize. Nilimsikia wakitoka uani: “Shemeji, twende polepole. Na kama huko kwenu ni hapana, niambie hapahapa, ili mdogo wangu ajue.”