Ngozi ya Chumvi

Mwanamke aliyeileta ile bunduki alikuwa mwalimu wa mtaa wa Kasungami. Aliilaza juu ya meza yangu, imefungwa kwa kitenge, pamoja na kibali cha marehemu baba yake, aliyekuwa mwindaji kule Mitwaba. Wakati wa vita bunduki hiyo ilizikwa chini ya sakafu ya jikoni ili watu wenye silaha wasiichukue. Sasa mzee amekufa, na ukoo ulitaka itengenezwe, ilie tena. Nguruwe-mwitu walikuwa wanamaliza mihogo.

Nimerithi kazi hii ya kutengeneza bunduki kwa baba yangu, naye kwa baba yake aliyetoka Maniema. Macho yangu yamechoka, na mikono pia. Nilijua jibu kabla sijamaliza kuifungua, lakini nilimwambia aniachie wiki moja.

Aliporudi nikamwambia haifai. Hakubishana.

"Papa, uniandikie barua," alisema. "Mimi niko muke. Nikirudia na mudomo tu, batasema nimeiuzisha."

Nikaandika, kwa kalamu, karatasi mbili. Nilieleza kwamba kwa nje kutu inaonekana ndogo, lakini nilipotoa kitako cha mti nilikuta chuma kimeliwa mashimo upande uliofichwa na mbao. Ndani ya mtutu, ile mifereji inayoizungusha risasi imelika, na hata chumba cha risasi kina mashimo: ganda linaweza kukwama, au kupasuka usoni mwa anayepiga. Kutu nikiikwangua, nakwangua chuma chenyewe. Shimo halijai, ukuta ndio unazidi kuwa mwembamba. Mtutu mpya ungeagizwa Ulaya, ufungwe kwenye mwili uliokwisha kudhoofika. Tena namba iliyochongwa kwenye chuma imebaki kidogo tu. Msasa ukipita itafutika, na bunduki isiyolingana na kibali chake ni kesi. Hapa mjini hatuna mahali pa kuijaribu kwa usalama baada ya kazi kama hiyo. Ushauri wangu: isipigwe hata mara moja, ipelekwe ofisi ya silaha pamoja na kibali.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda kuonyesha anachokijua. Nikaongeza: "Aliyeifunga katika ngozi iliyotiwa chumvi ndiye aliyeiua."

Ilikuwa kweli. Vipande vya ngozi vilikuwa bado vimeganda kwenye chuma, na palipogusa ngozi ndipo kutu ilipozama zaidi. Chumvi huvuta maji.

Mwalimu aliondoka na barua tu, bunduki akaniachia. Baada ya wiki tatu, asubuhi, aliingia mwanaume wa makamo, vumbi la lori la Mitwaba bado liko kwenye viatu. Alikuwa na barua yangu mkononi.

"Ni weye uliandika hii?"

"Ni mimi."

"Dada yangu aliisoma mbele ya jamaa yote. Kufika ku mustari ya mwisho, bote bakaniangalia." Akakaa bila kukaribishwa. "Ni mimi nilifungaka ile bunduki. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Papa alisema, fukia mbio, banakuya. Ngozi ya mbuzi ilikuwa pale, mama alikuwa ameitia chumvi. Sikuwa na kitu ingine."

Nilitafuta taa ndogo, nikatoa komeo la nyuma ya mtutu, nikampa achungulie ndani. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Iko kama njia ya mvua," alisema.

"Udongo peke yake ungeiharibu," nikamwambia. "Mtutu haukuzibwa, na mafuta haukuwa nayo. Chumvi iliharakisha tu."

"Basi juu ya nini hukuandika vile?"

Swali hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilivuta karatasi nyingine. Sehemu ya chuma sikuibadili, kwa sababu chuma hakikubadilika. Mwishoni niliandika kwamba bunduki iliyozikwa miaka mingi bila mafuta hufikia hali hii, na kwamba sentensi yangu ya kwanza ilikuwa kali na haikuwa na haki: mtoto alifanya alichoagizwa kwa alichokuwa nacho. Nikaweka sahihi na muhuri.

Aliisoma polepole, midomo ikitembea.

"Papa hakuniulizaka hata siku moja niliifunga na nini," alisema. "Aliifukua, akaiona, akaifunga mu kitenge. Tukakula."

Tulikwenda pamoja ofisi ya silaha asubuhi hiyo, dada yake, tuliyempigia simu, akatukuta mlangoni. Tulisubiri kwenye benchi hadi saa nane mchana. Afisa alilinganisha namba na kibali, akaomba barua ya kwanza kwa ajili ya faili, akaichukua bunduki bila kuitazama mara mbili. Barua ya pili kaka aliikunja, akamkabidhi dada yake.

"Utaisoma weye," alimwambia. "Mbele ya bote, kama ile ingine."

Dada akaitia ndani ya mkoba wake. Tukaachana barabarani, nikarudi kazini kwa miguu, polepole.