Maneno Yaendayo na Kurudi

Shangazi yangu alisoma magazeti, vitabu na mialiko ya harusi kwa miaka thelathini na moja, na sidhani kama alijua hata kimoja kilikuwa kinahusu nini. Alikuwa akisoma kutoka mwisho. Ndivyo afanyavyo msomaji prufu anayejiheshimu, anayesaka makosa kwenye karatasi za majaribio kabla ya kuchapa: ukianza mwanzo, maana inakushika mkono na kukuvusha juu ya makosa bila wewe kujua. Ukianza mwisho, neno moja moja, maana haina pa kukushika, na kosa linabaki uchi. Vichwa vya habari na majina ya watu alivipitia hata herufi kwa herufi, kwa sababu kosa la kichwani halifichiki kwa kofia.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya mitambo ya kuchapa, kiwandani kwetu. Kilikuwa na dirisha moja, meza mbili na taa ya kukunja shingo. Meza ya pili ilikuwa yangu. Yeye aliweka alama kwa kalamu nyekundu, mimi nikaingiza masahihisho kwenye kompyuta, kisha ikatoka prufu ya pili, akaisoma tena, akasaini. Bila saini yake hakuna kilichochapwa pale. Nilipata kazi hiyo kupitia kwake, kama nilivyopata kila kitu. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alipofariki nilikuwa na miaka sita, na yeye ndiye aliyenichukua.

Sasa nieleze wazimu wake wa maneno, maana kila kitu kinatoka hapo.

Gazeti lolote la hapa, mkubwa akikohoa, limejaa "amesema". Siku moja shangazi alikuwa anapitia kichwa cha habari cha herufi kubwa, kutoka nyuma, kidole kwenye karatasi. Jicho likafika kwenye AMESEMA, likapita bila kujikwaa. Akarudi. Akalisoma kutoka mbele, akalisoma kutoka nyuma. Neno lilikuwa lile lile. Siku hiyo alikuja nyumbani uso unang'aa kama aliyeokota kitu, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunamenya viazi.

"Tafuta lingine," akaniambia.

Nikajaribu "baba". Likageuka "abab", nikacheka.

"Litakugomea hilo," akasema. "Sikiliza mwanangu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Neno likitaka kurudi kama lilivyokwenda, sharti lianze na irabu ile ile liliyoishia. Kwa hiyo baba, mama, shangazi, wote tumefungiwa nje. Usihangaike nasi."

"Na 'nimesema'?"

"Linaanza na n. Limeisha hilo. Mimi na wewe hatuna bahati, anayerudi ni yeye tu. Amesema, ametema, anakana. Akipika, akifika, akizika. Atapata, atakata." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Yeye ana kila kitu."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi leo sicheki.

Basi ikawa ugonjwa. Palipo na u mwanzo na u mwisho alipiga hodi: utu, utatu, ububu, na upupu uliomfurahisha kuliko yote kwa sababu, kwa maneno yake, unawasha pande zote mbili. Akapata neno "idadi". Akapata ini, akaacha kulila wiki nzima kwa heshima. Yote yaliandikwa kwenye madaftari ya shule, na kwa miaka ishirini na mbili madaftari yakafika manne.

Kulikuwa na sheria moja tu, na hakuipindisha hata siku ya sikukuu: zihesabiwe herufi, si sauti. "Akishika" ukilisikiliza unadhani linarudi, lakini mchapaji anapiga s, kisha h, vitufe viwili, na ukigeuza inatangulia h. "Anachana" hivyo hivyo. Tena kuna "mapema" na "mahema", ambayo yanarudi ukihesabu silabi, ma-pe-ma, lakini ukihesabu herufi yanavunjika. Maneno ya namna hii hakuyatupa. Aliyaandika pamoja na mengine na kuyawekea nukta ndogo ya penseli pembeni. Nukta ilimaanisha: umekaribia, hujafika. Yalikuwa sitini na moja, na aliyapenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyefeli mtihani.

Daktari aliingia hapo. Daktari wa lugha, si wa sindano. Alikuwa akileta vitabu vyake kuchapwa kwetu, na mara moja moja alikaa chumbani mwetu akisubiri, akinywa chai yetu. Akayaona madaftari.

"Dada yangu, hii ni hazina," akasema. "Niazime wiki mbili, niyaangalie kwa utulivu."

Shangazi akampa. Watu wasomi hawakuwa wakimwambia mambo kama yale. Wiki mbili zikawa miezi, miezi ikawa miaka mitatu. Akikumbushwa, anacheka na kusema yako salama kabisa, dada, kuliko hata watoto wangu.

Kisha asubuhi moja muswada ukatua mezani. Maneno yasomwayo sawasawa mbele na nyuma, herufi kwa herufi, na jina la Daktari juu yake. Shangazi akageuza kurasa za mwisho, kama kawaida yake, na nikamwona mkono umesimama. Alikuwa amekutana na upupu, na sentensi yake mwenyewe ya kuwasha pande zote mbili. Maneno yote yalikuwa yake, hata mpangilio. Shukrani zilikwenda kwa mke wa Daktari, wakuu wake, na "wafanyakazi wa uchapaji kwa uvumilivu wao".

"Utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitasoma prufu."

"Shangazi, huyu ni mwizi."

"Nimeona," akasema. "Pia hajui kusoma. Tazama."

Mwizi hakuuliza nukta ni ya nini. Alidhani ni alama ya sifa, kama nyota ya mwalimu. Yale sitini na moja aliyafanya sura ya kwanza: mapema, mahema, akishika, anachana, na maelezo kwamba haya ndiyo lulu za lugha yetu. Yasiyofika ndiyo aliyoyatanguliza mlangoni.

Mtu mwingine angefunga muswada na kucheka hadi jioni. Shangazi alichukua kalamu nyekundu. Kwa siku nne alimsahihisha mtu aliyemwibia. Aliyatoa yale maneno moja moja, akayaandalia sura yao ya nyuma, akaiita "Yanayokaribia", akaandika na kanuni pembeni kwa mwandiko wake mzuri, ili kitabu kiwe sawa. Nilitaka kumpiga. Nilimwambia, "Kwa hiyo unamvika nguo."

"Simvishi yeye. Maneno hayana kosa."

Akanipa prufu zake niingize masahihisho.

Sikuyaingiza. Vijikosa vya nukta na mkato, ndiyo, ili ionekane nimefanya kazi. Lakini ile sura ya kwanza niliiacha kama mwizi alivyoileta, na zile karatasi nyekundu nikazificha kwenye droo. Nilijiona shujaa. Nilijiambia kwamba kwa mara ya kwanza mtu anampigania shangazi yangu. Prufu ya pili ilipotoka nilimwekea mezani, nikijua angeona kwa ukurasa mmoja tu.

Aliitazama, hakuifungua.

"Umeingiza yote?"

"Yote, shangazi."

"Sina nguvu ya kuisoma tena," akasema, na akasaini. Miaka thelathini na moja, na ile ndiyo saini pekee aliyowahi kuweka bila kusoma. Aliniamini mimi.

Kitabu kilizinduliwa ukumbini, viti vimejaa, Daktari na suti mpya. Akasoma sura ya kwanza kwa madaha. Alipomaliza, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekaa nyuma akainuka, mama mnyenyekevu wa kubeba vitabu kwenye mfuko wa plastiki. Akasema samahani Daktari, nimejaribu hapa kwenye karatasi, "mapema" likigeuzwa linakuwa "amepam". Labda nimekosea? Daktari akasema haiwezekani. Wakamletea ubao. Akaandika mwenyewe, herufi kwa herufi, mbele ya watu wote, na ukumbi ukaanza kucheka kuanzia nyuma. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Kwa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini.

Wahenga walisema hasira hasara. Hawakusema kwamba hasira inaweza kuwa yako na hasara ikaenda kwa mwingine.

Daktari hakukiri kwamba hajui. Alisema ametoa orodha sahihi na kiwanda kimeichafua. Kesho yake Meneja alituita ofisini, prufu ya pili iko mezani, imefunguliwa kwenye saini ya shangazi.

"Mama, hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Prufu yako ya kwanza iko wapi? Kama uliyaona makosa, yatakuwa na wino wako. Nionyeshe, nijue aliyeharibu."

Zilikuwa kwenye droo yangu, hatua ishirini kutoka pale. Sikwenda kuzileta. Ningesema niliogopa, lakini si neno la kutosha. Nilikaa nikisubiri aniokoe, kama alivyozoea.

"Nilizitupa," akasema shangazi. "Nilisoma vibaya. Nimezeeka, Meneja."

Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alipewa hadi mwisho wa mwezi aondoke.

Nyumbani nilimfuata jikoni, nikaanza kulia kabla sijasema neno. Hakugeuka.

"Najua," akasema. "Nilifungua droo yako kabla hatujaitwa. Nilitafuta kibanio cha karatasi."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe una miaka zaidi ya ishirini mbele ya kufanya kazi. Mimi nilikuwa na miwili." Akafunga bomba. "Ila usiniambie ulifanya kwa ajili yangu. Ulikuwa na karatasi zangu mkononi, zenye mwandiko wangu, zinazoonyesha nani anayajua yale maneno na nani hayajui. Huo ndio ushahidi pekee niliokuwa nao duniani. Ukauficha kwenye droo ili watu wacheke."

Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha vyombo.

Vitabu elfu mbili vilikuwa vimeshachapwa, na Daktari alidai karatasi ya masahihisho ibandikwe ndani ya kila kimoja. Alitaka ieleweke kosa ni la nani. Nilipewa mimi niipige. Niliandika kwamba maneno sitini na moja ya sura ya kwanza hayahesabiwi, na kwamba yamo humo kutokana na uzembe wa msomaji prufu, kisha jina la shangazi, majina yake yote matatu. Kwa sheria za kiwanda ilibidi asome yeye, kwa kuwa mwezi ulikuwa haujaisha.

Alikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitaji karatasi ya mistari saba. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho jina lake kuchapwa pamoja na maneno yale.

"Hapa jina langu la katikati umeruka herufi," akaniambia. "Rekebisha."