Alama B ya Fundi Cherehani

Karani wa malalamiko kwenye baraza la mitihani aliisoma barua mara mbili, kisha akavua miwani.

"Mama, hapa watu huja kulia wamepewa F. Wewe unaikataa B?"

"Si yangu," fundi cherehani alisema, akaweka kadi ya kliniki mezani. "Asubuhi ya Hisabati nilikuwa leba, najifungua."

Karani akatoa orodha ya mahudhurio, akapitisha rula chini ya namba yake. Kweli, hakusaini. Akashusha rula mstari mmoja. Mtahiniwa aliyefuata alikuwa amesaini, lakini kwenye cheti aliandikiwa kwamba hakufanya mtihani wa Hisabati. Alama zake zilikuwa zimeingizwa mstari wa juu.

"Mwenye B ni huyu. Jina la baba mnalo moja. Unamfahamu?"

Fundi aliinama, akalisoma jina. Lilikuwa la mdogo wake. Tangu vyeti vitoke, binti huyo ameapa mpaka sauti imemkauka kwamba mtihani aliufanya, na nyumba nzima imemsusa. Na aliyetangulia kumwita mwongo, tena mbele ya baba yao, ni yeye dada mtu.