Soketi Iliyocheza

Nina hasira na soketi. Anayetaka kucheka acheke tu, hajawahi kulala kwenye kile chumba nilichopanga Geita. Soketi ilikuwa moja, ukutani karibu na kitanda, na ilicheza kama jino la mtoto.

Ukichomeka chaja inaingia kirahisi mno, haishikwi na kitu. Simu inaandika inachaji. Ukitoa mkono, chaja inainama na simu inanyamaza. Mama yangu wakati huo alikuwa amelazwa Shinyanga, anasubiri kupasuliwa tumbo. Ndugu zangu wa Ibadakuli walikuwa naye, mimi nauza dagaa sokoni Geita. Aliniomba kitu kimoja tu. "Ng'wanawane," aliniita mwanangu kwa Kisukuma chetu, "siku wakinichukua kunipasua nitakupigia. Nataka nisikie sauti yako kwanza." Mama yangu si mtu wa kuomba ovyo.

Nikamwendea mama mwenye nyumba. "Shikamoo mama. Soketi yangu inacheza."

"Marahaba. Chaja yako feki hiyo. Mnanunua vitu barabarani halafu mnalaumu nyumba ya watu."

Kwa heshima nikaenda kununua nyingine dukani. Ikacheza vilevile. Nikarudi kwake. "Basi na hiyo feki," akasema. Jamani!

Nikaamua kujichunguzia mwenyewe. Nikaenda na chaja yangu chumba cha pili kwa jirani: ikatulia, hata nilipoutikisa waya simu haikuacha kuchaji. Nikaomba chaja ya jirani, nikaichomeka kwangu: ikacheza. Nikaiacha kidogo, nikaichomoa. Miguu yake ilikuwa ya moto, plastiki ya soketi imeanza kuwa kahawia pembeni ya tundu, na harufu ya kuungua ipo. Nikazima swichi yake palepale. Chaja haikuwa na kosa.

Mwenye kosa alikuwa ananing'inia kwenye msumari. Soketi zetu zina matundu matatu, chaja zetu nyingi zina miguu miwili, na matundu ya chini hayafunguki mpaka kitu kiingie lile la juu. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alifunga kalamu ya plastiki kwa uzi kando ya kila soketi, akajisifu kwamba anawajali wapangaji. Unachokonoa juu, unakandamiza miguu ya duara chini. Wapangaji wangapi walichokonoa hivyo kabla yangu? Vile vibati vya ndani vinavyotakiwa kuibana plagi vilikuwa vimetanuka, havibani tena. Umeme unagusa, unaachia, na pale unapoachia ndipo panapochemka.

Nikamweleza yote. Aliguna. Niliendelea kuchaji kwa jirani, mpaka jirani akasafiri kwenda Runzewe na ufunguo wake. Nikaomba nichaji sebuleni kwa mwenye nyumba. Hataki! Akaja chumbani na kamba ya katani, akaiinua chaja, akaifunga kwenye ule msumari. "Si unaona inachaji? Mnapenda kukuza mambo."

Ningekataa niende wapi? Nilikaa naikodolea macho, usingizi ukanishinda. Asubuhi kamba imelegea, simu imezima ti, tundu moja limevimba. Namshukuru Mungu godoro halikushika moto. Nikakimbia kuzima meni swichi, nikakimbia sokoni kwa wanaochaji simu. Ilipowaka nikampigia kaka yangu. Akasema mama ameshaingizwa chumba cha upasuaji.

Nilimleta fundi umeme mwenyewe. Akahakikisha umeme umezimwa, akafungua soketi. Vibati vimeachama, skrubu moja imelegea, ngozi ya waya imekuwa nyeusi. Akakata ile sehemu iliyoungua, akafunga soketi mpya, akatuambia tutafute plagi za miguu mitatu na kalamu tuzitupe. Mama mwenye nyumba alichungulia, akaniuliza, "Sasa mbona hukusema mapema?"

Heshima iliniishia hapo. Nilimfokea mpaka wapangaji wote wakatoka nje. Nilimwambia nilisema mara ya kwanza, nikasema ya pili, ukaniita mnunuzi wa feki, ukaja kufunga moto kwa kamba juu ya kitanda changu! Akasema sina adabu. Kweli, siku ile sikuwa nayo, na wala sikuitafuta.

Mama yangu alitoka salama. Kesho yake kaka akamshikia simu sikioni. Nikaanza kueleza haraka haraka, soketi, chaja, kamba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, sauti yake ikatoka ndogo.

"Mimi nilijua umezima," akasema. "Nikawaambia manesi, nipelekeni tu, huyu mtoto amenichoka."