Mara Nne Mashine Ilijiwasha

Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vilibaki ndani ya mashine ya kuchambua pamba, kwenye kinu kimoja kando ya ziwa, huku kwetu Kisumu, miaka ya themanini ikielekea kwisha. Aliyevikata ni msimamizi wa zamu. Nalisema hapa juu kabisa ili mtu asinisome mpaka chini akilitafuta. Msimamizi wa zamu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyewasha swichi mkono wangu ukiwa ndani.

Kuandika maneno hayo kulinigharimu barua sita.

Kinu kilinifukuza kidonda hakijakauka. Barua yao ilisema ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi. Uongo huo ukaingia kwenye faili langu katika ofisi ya kazi, na mtu aliyeandikwa mzembe halipwi fidia wala hachukuliwi na kinu kingine. Ili ufutwe, nilitakiwa kupeleka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya siku ya kusikilizwa. Nilikuwa nimeishia darasa la tatu, na mkono ulionibakia wa kuandikia ni wa kushoto.

Pale ofisini alikuwepo karani mmoja na kalamu nyekundu. Nampa nafasi ya pili katika watu walioniharibia. Nilimpelekea barua ya kwanza, akazungushia duara mahali pamoja, akasema sikuweka tarehe. Nikatembea kurudi nyumbani Nyamasaria, nikaweka tarehe. Ya pili akasema sikuandika ni mashine gani. Ya tatu, sikumtaja shahidi. Ya nne akaisoma mpaka mwisho, akacheka na mwenzake wa meza ya pili, akasema, "Mzee, hii mashine yako ina akili. Inajiwasha yenyewe." Kisha akanirudishia. Hakuniambia nirekebishe nini. Kila mara alikuwa kama mtu anayeokota kokoto moja kwenye mchele, anaweka ungo kando, anakuambia urudi kesho.

Ndipo nikaenda gumbaru, darasa la watu wazima lililokuwa likifanyika kanisani saa za mchana. Mwalimu alikuwa msichana ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakafungua duka mjini. Sikumpenda. Alikuwa na umri wa binti yangu na hakuwa na haraka. Nilimwambia nataka barua ya tano isiyo na kosa, basi. Akaniuliza zile nne ziko wapi.

Mimi nilikuwa nimezitupa. Mke wangu ndiye aliyeziokota, akaziweka ndani ya Biblia yake. Nikazipeleka.

Alizipanga juu ya benchi moja baada ya nyingine, ya kwanza mpaka ya nne, akachukua daftari na kulipiga mistari. Upande wa juu akaandika namba za barua. Upande wa kushoto, kila alipoona kitu kimekwenda vibaya, alikiandika kwa ufupi, kisha akatazama barua zile nyingine kama na humo kimo, akatia alama. Alikaa hapo muda ambao ningepalilia mistari miwili ya mahindi. Nilimwonyesha tarehe niliyoisahau kwenye barua ya kwanza. Akasema ile imetokea mara moja tu, kwenye ya pili nimeiandika sawa mwenyewe, hiyo anaiachia hapo. Nilimwomba radhi kwa mwandiko mbaya. Akasema mwandiko ni mkono mgeni, utazoea.

Daftari lilipojaa, mistari mingi ilikuwa na alama moja. Miwili tu ilikuwa na alama nne nne.

Ule wa kwanza: kila barua nilianza kwa matusi. Nusu ukurasa nawalaani wenye kinu kabla msomaji hajajua nimepatwa na nini. Huo haukunishtua.

Wa pili aliugusa kwa kidole, akanisomea sauti ya chini mahali pale pale katika barua zote nne. Pamba ilikwama. Nikazima. Nikaingiza mkono kuitoa. Mashine ikawaka. Pamba ilikwama, nikazima, nikaingiza mkono, mashine ikawaka. Mara nne.

"Baba," akasema, "nani aliiwasha?"

Nikamwambia kila mtu pale kinuni anajua.

"Mimi sikuwepo. Karani hakuwepo. Mara nne umefika mlango huu, na mara nne umegeuka ukakimbia. Nikikuwekea wino mwekundu hapa leo, kesho utakimbilia kwingine."

Nilimtukana. Nilimwambia yeye mtoto wa duka anajua nini juu ya kinu, na kwamba sikuja kanisani kuitwa mwoga. Alisema hawezi kuniandikia lililotokea, ila barua ijayo ataangalia mahali hapo tu, mengine yote atayaacha.

Hakujua alichokigusa, ama labda alijua. Kwetu ndugu wa mke wako humsemi vibaya mbele ya watu. Unamwita *ora*, yaani shemeji, unampisha kiti, chakula chake kinatangulia. Huyu ndiye aliyeniombea kazi pale. Siku ile zamu yetu ilikuwa imechelewa na meneja alikuwa anamkemea, akaja mbio, akainyakua swichi, akaiwasha bila kutazama. Halafu akaandika ripoti kwamba niliingiza mkono mashine ikitembea. Mimi nilikuwa natukana dunia nzima asubuhi hadi jioni, na nilidhani na yeye nimemtukana. Karatasi ilionyesha sijamgusa.

Barua ya tano niliandika kwamba msimamizi alikuwa karibu na swichi, kisha mashine ikawaka. Mwalimu akaipeleka kwenye daftari lake, chini ya tano akatia nusu alama. Matusi ya mwanzo yalikuwa yamebaki mstari mmoja.

"Umemfikisha karibu," akasema. "Bado mkono wake hujauona."

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kwamba ya sita itamtaja kaka yake. Alikuwa anachagua omena, dagaa wa ziwani, hakuinua kichwa.

"Nilizisoma zote nilipoziweka," akasema. "Ya kwanza tu, nikajua ni nani umemwacha."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungesema ni mimi niliyekutuma umtaje. Andika. Mimi nitakuwa hapa hapa."

Niliandika: Msimamizi wa zamu alikuja mbio, akawasha swichi, mkono wangu ukiwa ndani. Karani aliipokea bila duara.

Siku ya kusikilizwa shemeji alikuja na tai. Afisa alisoma ripoti yake, akasoma barua yangu, akamuuliza jambo moja: katika ripoti yake, mashine ilizimwa na nani ikawashwa na nani? Ripoti haikusema. Afisa akauliza tena, polepole. Shemeji akanigeukia mimi badala yake, akasema kwa sauti ya msiba, "Ora, tumefika mahali pa kuandikana?"

Nikamwambia, "Wewe uliandika kwanza."

Uzembe ulifutwa. Nililipwa kile kilicholipwa. Shemeji alibaki na kazi yake na filimbi yake shingoni, kwa sababu kinu kilimhitaji zaidi ya vidole vyangu. Hakuna aliyemuuliza tena. Karani naye alipandishwa cheo, nilimwona baadaye kwenye chumba chenye pazia.

Mama mkwe alipofariki, kaka huyo huyo alituma habari siku ya tatu baada ya kuzika, ili sisi tusiwepo kaburini. Mke wangu alimsikiliza mjumbe mpaka akamaliza, akampa maji ya kunywa. Kisha akaingia ndani, akaitoa nakala ya barua ya sita kwenye Biblia, akaisoma tena amesimama. Nilimwuliza anatafuta nini humo. Akasema anaangalia tu kama kila kitu kimo. Akaikunja, akairudisha, akavaa nguo nyeusi.