Mguu Unaanzia Wapi

Nilianguka mtihani wa anatomia mara mbili, na mara zote mbili mifupa nilikuwa naijua. Hilo ndilo lililoniuma. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ningeanguka tena, kwenye kozi ya jioni ya wahudumu wa wagonjwa wangenitoa, nami nibaki kwenye bucha la mbuzi mtaani Kiamaiko mpaka mvi zinijae.

Jumamosi, wiki moja kabla, niliketi peke yangu chumbani kwangu, mtaa wa Tena, nikafanya karatasi ya zamani bila kufungua kitabu. Mwalimu alikuwa ametushauri hivyo: jipime kwanza, ujue unapovuja. Kisha nikabandika ratiba ukutani juu ya meko. Jumapili mkono, Jumatatu mguu, Jumanne kifua, Jumatano tumbo, Alhamisi kichwa na shingo. Ijumaa karatasi nzima nikijipimia muda kwa saa, halafu nilale mapema. Kila alfajiri, kabla ya kazi, nirudie makosa ya jana niliyoyaandika kwenye daftari. Na Jumatano jioni dakika kumi za kumpigia binti yangu, anayelelewa na mama yangu kule magharibi. Naam, nilimtia mtoto kwenye ratiba, kati ya wengu na figo.

Sikuwa na wa kuniuliza maswali. Wenzangu walishapita zamani, na kikundi chao cha simu kilikuwa kimehamia somo lingine. Basi nikawa najiuliza na kujijibu kwa sauti. Jirani aliniuliza kama nimepata mgeni. Laiti angekuwepo mgeni. Mchana kwenye bucha nilikuwa nikitaja mifupa nikikata nyama, lakini mbuzi naye ana vituko vyake. Hana hata mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, kwa hiyo kwenye bega alinisaliti.

Mzee mwenye bucha alikuwa akinicheka, akasema daktari wetu atatuuzia mbavu kwa Kilatini. Nilicheka naye kisha nikaenda nyuma ya friji nikalia kidogo, maana katika watu wote wa Nairobi ni yeye tu aliyejua kwamba nina mtihani.

Jumatano alfajiri nilikuwa nikilisoma daftari la makosa nikaona kitu cha ajabu. Swali moja nilikuwa nimelikosa mara tatu, kila mara kwa jibu lilelile. Ni mfupa upi uko kwenye mguu? Nilikuwa nimeweka alama kwenye femur, mfupa wa paja. Jibu ni tibia, mfupa wa muundi.

Niliangalia kitabu tena, polepole. Kwa watu wa anatomia, neno la Kiingereza leg, lililoandikwa kwenye swali, ni kutoka goti hadi kifundo tu. Juu ya goti ni paja, si mguu. Chini ya kifundo ni wayo. Na arm, yaani mkono, inaishia kwenye kiwiko. Wee! Miaka tisa mteja akiniambia nimkatie mguu, ninaanzia nyongani, na mnofu anaoutaka uko pajani. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nikijibu kama muuza nyama.

Siku nzima nilifurahi kama mtu aliyeokota simu yake iliyopotea. Kila mteja aliyeagiza mguu nilimuuliza kimoyomoyo: upi, bwana?

Jioni nikapiga simu. Mtoto alikuwa akilalamika, mguu unamuuma. Hata pole sikumpa.

"Mguu wapi? Juu ya goti au chini?"

"Mguu tu, Mama."

"Paja si mguu. Sema vizuri. Paja au muundi?"

Nikasikia simu ikirudishwa kwa bibi yake, na mama akaniambia mtoto ameshaenda kukaa nje. Dakika zangu kumi zilikuwa hazijaisha. Nikafungua ukurasa wa ini.

Mtihani ulifanyika Jumamosi asubuhi. Nilifunika majibu manne kwa kipande cha karatasi, nikajibu kwanza kichwani, ndipo nikafunua. Kila palipokuwa na neno la isipokuwa nilipiga mstari. Swali la thelathini na moja likawa lenyewe, mguu. Nikaweka alama kwenye tibia.

Nilipita. Matokeo yalipobandikwa chuoni, jina langu lilikuwa katikati ya orodha ukutani, na hapakuwa na mtu wa kusimama naye nimwonyeshe. Nikapiga simu nyumbani palepale kwenye kibaraza. Mtoto akapokea mwenyewe. Sikumwambia habari za mtihani. Nilimuuliza mguu wake unaendeleaje.

"Ulipona."

"Pole sana, mama. Ulikuwa unauma wapi?"

"Hapa," akasema.

Nilijua ananionyesha kwa kidole, na mimi sioni.