Matundu ya Ukuta Mwekundu

Katika Bukavu ya miaka ile ya Zaïre watu walioneana wivu kwa sababu zinazoeleweka: huyu ana redio, yule ana abakosti ya kitambaa kizuri, mwingine dada yake ameolewa Kinshasa. Mimi nilimwonea mwenzangu wivu kwa sababu ya matundu. Na ulikuwa wivu mkubwa. Ungeumwaga ndani ya Ziwa Kivu, maji yangepanda mpaka mlango wa kanisa.

Nilikuwa mwashi, na nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya ujenzi: miaka mitatu ya kukaa darasani na vumbi la sementi kwenye nyusi. Siku ya diplome mama alichinja kuku. Karatasi ile nilimwonyesha kila mtu wa mtaa wetu wa Kadutu mwenye macho, na kipofu mmoja nikamsomea.

Shantie yetu, mahali petu pa ujenzi, ilikuwa jengo jipya la hospitali, ghorofa moja juu ya nyingine. Chini kulikuwa na chumba cha mashine ya umeme, ile kubwa inayokunywa mafuta ya mazutu, pamoja na mapipa yake. Juu yake wangelala wagonjwa. Kwa hiyo mhandisi, citoyen, kama tulivyoitana wakati ule, mtu mpole aliyetoka Kinshasa, alikuwa amechora kuta za chumba kile na sakafu iliyo juu yake kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika: saa mbili. Maana yake, alitueleza, moto ukiwaka mle ndani ubishe hodi saa mbili nzima kabla haujaingia kwa jirani. Katika saa mbili mgonjwa asiyeweza kutembea anabebwa.

Lakini ukuta hauwezi kukaa mzima. Nyaya za umeme zinataka kupita, bomba la maji linataka kupita, na kila kinachopita kinaacha tundu kubwa kuliko chenyewe. Ukuta wa saa mbili wenye tundu la kuingiza ngumi, alisema, huo ni ukuta wa dakika chache. Kazi ya kuziba ndiyo iliyobaki.

Na ndipo uchungu ulipoanzia, maana kapita wetu, msimamizi wa waashi, alikuwa mzee, anataka kurudi kwao Minova. Mhandisi akatangaza mbele ya wote kwamba atachagua kapita mpya kati ya watu wawili, kwa jinsi watakavyoziba. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mtu wa kisiwa cha Idjwi, aliyeishia darasa la nne, ambaye kabla ya kushika mwiko alikuwa akikarabati mitumbwi na maboti. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Nilikuwa nimeshachagua kofia ya ukapita.

Mimi nilipewa ukuta wa upande wa baraza. Yeye alipewa ukuta wa upande wa ngazi, pamoja na sakafu ya juu. Vifaa vilikuwa vilevile: sementi, mchanga, na marobota ya sufi ya mawe yaliyopanda na lori kutoka Kamanyola. Ile ni sufi kweli, lakini imetengenezwa kwa jiwe lililoyeyushwa. Haishiki moto, ila inawasha ngozi kama upupu uliosoma chuo kikuu.

Sisi waashi wa pale tulikuwa na desturi. Tundu likiwa kubwa, unakunja mifuko mitupu ya sementi, unaisindilia ndani, kisha unapiga plasta juu. Tulifanya hivyo katika kila nyumba, na hakuna nyumba iliyolalamika. Nikafanya hivyo. Nyaya zangu nilizifunga pamoja fungu moja, zimenyooka kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi, nikazungushia plasta laini ambayo ungeweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Sufi ya mawe niliitumia kidogo sana, maana iliniwasha.

Mtu wa Idjwi alifanya kazi kama anayeandaa chakula cha wakwe. Alizitenganisha nyaya moja moja kwa vijiti, akasindilia sufi katikati yake kwa kisu kisicho na makali, kutoka pande zote mbili za ukuta, mpaka kidole hakiingii. Halafu mota ya sementi na mchanga, kwa unene unaotakiwa, huku na huku. Kila tundu akaliandikia namba kwa mkaa, na namba ileile akaiandika katika daftari. Matokeo yake yalikuwa mabayabaya, manundumanundu. Siku tatu mhandisi alisimama mbele ya manundu yale akitikisa kichwa kwa furaha. Mbele ya plasta yangu alipita bila kusimama.

Nilianza kukonda. Usiniambie haiwezekani, suruali ilikuwa shahidi. Nilimwuliza yule mwenzangu, kwa sauti ya utani ili wengine wasikie, kama anaziba ukuta au anaziba boti.

"Ni kazi moja, papa," akanijibu bila kugeuka. "Maji haiangaliage uso. Inatafuta fasi ya kupita. Moto vilevile."

Wenzetu wakacheka, na walicheka upande wake.

Juma hilohilo mafundi wa bomba walirudi. Walikuwa wamesahau bomba moja la maji machafu, basi wakatoboa ukuta wa upande wa ngazi, ule wa mwenzangu, juu kabisa kwenye kona nyuma ya kebo, wakapitisha bomba la plastiki na kwenda zao. Upande wa pili bomba lilitokea juu ya plafo, ile dari ya ngazi, mahali macho ya mtu hayafiki. Yeye alikuwa ameshamaliza kona ile na kuifunga katika daftari. Mimi nilikuwa juu ya ngazi ya mbao, nikaona yote.

Nilijua maana yake. Hilo darasani tulifundishwa. Bomba la plastiki huyeyuka mapema, linaacha tundu la mviringo, mlango uliofunguliwa kwa adabu. Na pembeni yake palibaki mwanya wa kuingia mkono. Nilishuka, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa utamu. Nilikula ugali siku ile nikifikiria tundu lile kama mtu anayefikiria mchumba.

Siku ya jaribio, kabla mashine haijaletwa, mhandisi aliwasha majani mabichi ya mikaratusi ndani ya pipa lililokatwa, katikati ya chumba, akafunga mlango na kuuzungushia matambara yenye maji. Moshi si moto, alisema, na jaribio hili halithibitishi saa mbili. Lakini moshi utatuonyesha njia ambazo moto utazipenda. Tukasimama barazani. Mimi nilikuwa nasikiliza upande wa ngazi, nikingojea mtu apige kelele kule.

Mtu akanigusa bega. Alikuwa kapita mzee. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wangu.

Katikati ya fungu langu la nyaya, zile nilizozifunga pamoja kwa uzuri, moshi ulikuwa unatoka taratibu kama kwenye kiko cha babu. Mota haikuwa imeingia kati ya waya na waya; ingepitia wapi? Halafu plasta yenyewe ilikuwa imekauka na kujivuta, na pembeni mwa kila tundu palitokea ufa mwembamba, na kila ufa ulikuwa na moshi wake. Ukuta mzima ulikuwa unavuta sigara.

Mhandisi alisimamisha jaribio hapohapo. Alichukua bisibisi, akaisukuma kwenye plasta yangu. Iliingia mpaka mpini. Akachokonoa, akatoa karatasi ya mfuko wa sementi, akaikunjua mbele ya watu wote, akaiwasha kwa kiberiti. Ilimalizika kabla hajahesabu kumi.

"Citoyen," akaniambia, "hapo ndani umeweka kuni."

Mtu wa Idjwi akawa kapita kuanzia Jumatatu. Na tundu lake la kona halikuonekana, maana jaribio lilikatwa mapema, na moshi kidogo uliopita ulibaki juu ya plafo.

Jumamosi na Jumapili zile nilikuwa mtu mwenye hazina. Nilipanga namna mia moja za kuitumia. Misa sikuisikia, padri alihubiri, mimi niliona kofia ya ukapita ikidondoka kutoka kichwa cha mwingine. Ila kila mara nikifika kwenye sehemu tamu, nilikuwa naona pia chumba cha juu. Vitanda vilikuwa vimeshapangwa, vya akina mama waliojifungua. Hata wivu unajua kuhesabu vitanda.

Jumatatu kapita mpya alitupanga mstari, akagawa kazi. Mimi alinipa kubomoa plasta yangu yote na kuanza upya. Wenzangu wakaguna kwa raha. Nikaona huo ndio wakati wangu. Nikasema kwa sauti ya kufika Idjwi kwenyewe:

"Sawa, kapita. Na lile tundu la bomba, kule kwa kona yako, nani ataliziba?"

Alichukua ngazi, akapanda, akaingiza mkono nyuma ya kebo. Mkono uliingia mpaka kiwiko. Akashuka, akapangusa vumbi.

"Uliiona lini?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. Sijui kwa nini sikusema.

"Siku ile ba mafundi ya bomba balitoboa."

"Mbele ya jaribio?"

"Mbele."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia majibu, na mengine kwa Kifaransa. Yeye alinitazama tu kama mtu anayetazama boti iliyoletwa imejaa maji.

"Kosa ni yangu," akasema mbele ya wote. "Nilifunga daftari, sikurudia kuangalia. Lakini weye ndiye utaziba. Nitakushikia ngazi."

Ilituchukua siku mbili. Tulikata plastiki, tukapitisha kipande cha bomba la chuma ndani ya ukuta, kirefu huku na huku, maana chuma hakiyeyuki upesi vile. Lakini chuma kinabeba joto, kwa hiyo tulikivika sufi pande zote mbili. Mwanya tuliusindilia sufi mpaka ndani, kisha mota kila uso. Mikono juu ya kichwa, sufi ikiniangukia shingoni, nilijikuna hata mahali ambapo daktari hajapapatia jina. Yeye chini aliendelea kuniambia: bado, sukuma tena, bado kidole kinaingia. Nilimchukia kwa kila "bado," na kila alilosema lilikuwa kweli.

Mhandisi alirudi na pipa lake la majani. Safari hii plafo ilifunguliwa. Tukangoja mpaka macho yakachoka, na hakuna kilichotoka, wala barazani, wala kwenye ngazi, wala juu. Mhandisi akapanda mwenyewe kwenye kona, akapapasa, akabonyeza kidole.

"Hii ya kona ni safi kuliko zote. Ni yako, kapita?"

"Hapana," akasema mtu wa Idjwi. "Ni ya huyu. Mimi nilishika tu ngazi."

Mhandisi akanipa mkono. Wenzangu wakanipigia makofi, na mimi nilisimama pale nikijikuna shingo. Kama angeniibia sifa ile ningekuwa na cha kumchukia mpaka uzeeni. Sasa alikuwa amenichukulia hata hicho. Ukapita ningeweza kumwachia. Lakini lile neno alilolisema bila hata kufikiri, kwamba ni ya huyu, lile nililionea wivu kuliko yote, kwa sababu nilijua kwamba mimi, ningekuwa chini ya ngazi, nisingelisema.